"Niboreshee hii": Kusahihisha, kuandika upya au kufupisha?

Ni jioni, umetoka shambani, simu inalia. Ukiifungua unakuta mtu amekutumia maandishi marefu, na chini yake ameandika: "Shikamoo mwalimu, naomba uniboreshee hii." Basi. Hakusema maandishi yanakwenda wapi, wala kitu gani hakimridhishi.

Karibu kila kijiji kina mtu wa namna hii ambaye wenzake humtegemea kwa maandishi. Huenda ni mwalimu, katibu wa kikundi, au kijana aliyemaliza sekondari. Sisi hapa redioni nasi tunayapokea kila siku: matangazo ya mikutano, salamu za rambirambi, barua za malalamiko ambazo msikilizaji anataka tumwangalizie kabla hajazipeleka. Neno linalokuja nazo ni lile lile: boresha, rekebisha, weka sawa.

Tabu ni kwamba neno hilo moja linabeba kazi tatu tofauti. Ukifanya kazi ambayo hukuombwa, unaweza kumharibia mtu barua iliyokuwa nzuri, au kumrudishia maandishi asiyoyatambua kuwa yake. Katika makala haya tunaeleza kazi hizo tatu, namna ya kutambua ni ipi inayotakiwa, kisha tunachukua barua moja na kuipitisha katika zote tatu.

Kazi tatu, na mipaka ya kila moja

Kazi ya kwanza ni kusahihisha. Hapa unagusa makosa tu: tahajia, herufi kubwa, nukta na mkato, maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya, na upatanisho wa sarufi, kama mtu aliyeandika "kisima yetu" badala ya "kisima chetu". Maneno yanabaki ya mwenyewe na mpangilio unabaki wake. Hata sentensi ambayo wewe ungeiandika vingine unaiacha, ilimradi si kosa. Ukimaliza, maandishi yanakuwa na urefu karibu ule ule, na mwenyewe akiyasoma anasikia sauti yake.

Kazi ya pili ni kuandika upya. Hapa una ruhusa ya kubadili maneno, kuvunja sentensi ndefu na kuhamisha mambo, la mwisho likaja mwanzo. Usichoruhusiwa kugusa ni habari yenyewe: nani, wapi, lini, kiasi gani, na ombi ni lipi. Habari zote zilizoingia lazima zitoke, na isitoke hata moja ambayo haikuingia.

Kazi ya tatu ni kufupisha. Hii peke yake ndiyo inayokuruhusu kuacha habari nje. Kwa sababu hiyo ndiyo yenye hatari kuliko zote. Unaamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na uamuzi huo kwa haki si wako, ni wa mwenye maandishi. Unampendekezea, naye anakubali au anakataa.

Kwa kifupi, anayesahihisha hagusi maneno, anayeandika upya hagusi habari, na anayefupisha haachi habari nje bila mwenyewe kujua.

Dalili za kutazama kabla ya kugusa chochote

Mara nyingi jibu limo ndani ya maandishi yenyewe na katika safari yake. Tazama kwanza yanakwenda wapi. Tangazo la kusomwa redioni au kutumwa kwa meseji lina kipimo chake, na kama lililokuja ni ukurasa mzima, anayeomba "boresha" huenda anahitaji kufupishiwa. Barua ya ofisini haina kipimo kikali hivyo, lakini ina mpangilio wake: anayeisoma anataka kuliona ombi mapema. Kama ombi limefichwa mwishoni, kazi ni kuandika upya.

Kisha tazama kama maandishi hayo yamekwisha pita mikononi mwa watu. Ukiona yana majina ya waliokubaliana, au mtu anasema "hii tulishaisoma kwenye kikao", basi maneno hayo si ya mtu mmoja tena. Kilichobaki kwako ni kusahihisha tu. Ukiandika upya, utakuwa umewasemea watu jambo ambalo hawakulipitisha.

Tatu, soma mara moja bila kusimama halafu jiulize ulikwama wapi. Kama ulikwama kwenye neno moja moja lakini maana uliipata, ni kusahihisha. Kama maneno yote ni sahihi lakini ulilazimika kurudi nyuma kujua anataka nini, ni kuandika upya. Kama ulielewa tangu mistari ya mwanzo na bado yakaendelea, ni kufupisha.

Msikilize pia mwombaji alivyoomba. Anayesema "niangalizie" au "nipitishie macho" kwa kawaida anataka kusahihishiwa. Anayesema "nipangie vizuri" anataka kuandikiwa upya. Anayesema "ni ndefu mno, wataichoka" ameshakujibu. Lakini "niboreshee" peke yake haikuambii kitu, kwa hiyo dalili zikigongana, uliza.

Swali zuri ni moja, na linajibika kwa meseji fupi: "Inakwenda kwa nani, na ataisomea wapi?" Hili ni bora kuliko kumuuliza kama anataka kusahihishiwa au kuandikiwa upya, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuyatenganisha mambo hayo. Ila kila mtu anajua barua yake inakwenda wapi. Akikujibu "kwa mtendaji, nitampelekea mkononi", au "kwenye grupu la wazazi", au "mtasoma ninyi redioni", kazi imekwisha kujitaja.

Barua ya kisima

Tuchukue mfano. Barua hii tumeitunga wenyewe, lakini makosa yake ni yale tunayokutana nayo kila wiki. Imekuja hivi, bila maelezo mengine ila "niboreshee":

"Kwa mtendaji wa kijiji. Sisi wakina mama wa kitongoji cha juu tunaleta malalamiko yetu kuhusu swala la maji. Kisima yetu ya shule pampu yake ameharibika toka tarehe 3 alafu watoto wanaenda mtoni asubui kwasababu hakuna maji nivyema ofisi ijue. Fundi alikuja akaangalia akasema mpira wa ndani umeisha bei yake 85,000 na ufundi 30,000. Sisi tumechanga tumepata 62,000 pesa ipo kwa mweka hazina. Tunaomba ofisi itusaidie 63,000 kilicho baki. Juzi mtoto mmoja aliteleza mtoni akaumia mguu. Kama ofisi haiwezi basi tu na omba mtuambie mapema ili tujue cha kufanya."

Kabla ya kuamua kazi, kuna jambo moja la kufanya ambalo ni la lazima katika kazi zote tatu: kuhesabu. Mpira ni 85,000 na ufundi ni 30,000, jumla 115,000. Toa 62,000 walizochanga, zinabaki 53,000. Lakini barua inaomba 63,000.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Wanaona kosa la hesabu, wanafuta 63,000, wanaandika 53,000, na hawasemi kitu. Lakini hujui kosa liko wapi. Pengine mwandishi alikosea kutoa. Pengine michango ni 52,000 na si 62,000, kwa maana hapo zinabaki 63,000 kamili. Au pengine kuna gharama ya 10,000 ambayo hakuiandika. Barua moja, maelezo matatu, na kila moja linaleta tarakimu tofauti mbele ya mtendaji.

Basi mwandikie: "Mpira na ufundi ni 115,000. Mkitoa 62,000 zinabaki 53,000, lakini mmeomba 63,000. Ipi ni sahihi?" Tuseme katibu anajibu: "Aa, tumesahau nauli ya fundi, 10,000." Kumbe 63,000 ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kilichopungua ni nauli. Kama ungeirekebisha kimyakimya, akina mama wangepewa walichoomba, fundi angefika, na nauli yake isingekuwepo.

Ikitakiwa kusahihishwa

Tuseme jibu la swali letu ni hili: "Tuliisoma kwenye kikao na wote wakaikubali, nataka tu isiwe na makosa." Basi barua inarudi hivi:

"Kwa Mtendaji wa Kijiji. Sisi akina mama wa kitongoji cha juu tunaleta malalamiko yetu kuhusu suala la maji. Kisima chetu cha shule, pampu yake imeharibika toka tarehe 3, halafu watoto wanaenda mtoni asubuhi kwa sababu hakuna maji. Ni vyema ofisi ijue. Fundi alikuja, akaangalia, akasema mpira wa ndani umeisha; bei yake 85,000, ufundi 30,000 na nauli 10,000. Sisi tumechanga, tumepata 62,000. Pesa ipo kwa mweka hazina. Tunaomba ofisi itusaidie 63,000 zilizobaki. Juzi mtoto mmoja aliteleza mtoni, akaumia mguu. Kama ofisi haiwezi, basi tunaomba mtuambie mapema ili tujue cha kufanya."

Tazama tulichogusa. "Swala" limekuwa "suala", kwa kuwa swala ni mnyama wa porini, au ni ibada. "Alafu" na "asubui" zimerudishiwa herufi h. "Kwasababu" na "nivyema" zimetenganishwa, na "tu na omba" imeunganishwa. Pampu haiwezi "kuharibika" kama mtu, ndiyo maana "ameharibika" imekuwa "imeharibika". Nauli imeongezwa kwa sababu mwenyewe ameitaja, na kwa sababu kikao kilikwisha kubali kuomba 63,000. Kwa kuwa maneno hayo ni mapya, katibu awaoneshe wenzake kabla ya kuipeleka barua.

Tazama pia tulichoacha. "Toka tarehe 3" sisi tungeandika "tangu", lakini toka si kosa. "Wanaenda" na "wanakwenda" yote yapo. Ombi bado limekaa chini, baada ya maelezo ya fundi, na mtoto aliyeumia ametajwa baada ya pesa. Hatukuvihamisha, kwa sababu kikao kilipitisha mpangilio huo.

Kwenye simu kuna njia rahisi ya kumwonesha mtu ulichobadili. Katika WhatsApp, ukiweka kinyota mbele na nyuma ya neno, hivi `*suala*`, neno hilo linatokea kwa wino mzito. Tuma nakala moja yenye maneno uliyobadili yakiwa mazito, ili ayaone, halafu nakala ya pili iliyo safi, ili aitumie. Na jihadhari na simu yenyewe: kama kibodi yako imewekwa Kiingereza na inasahihisha yenyewe, itageuza maneno ya Kiswahili bila kukuuliza. Zima usahihishaji huo kabla hujaanza, au uyapitie maandishi yote mwishoni kabla ya kutuma.

Ikitakiwa kuandikwa upya

Sasa tuseme jibu lilikuwa: "Inakwenda kwa mtendaji mkononi, lakini mwaka jana tulimwandikia akasema haelewi tunataka nini." Hilo ni ombi la kuandika upya. Msomaji aliyeshindwa hakushindwa na tahajia, ameshindwa kuliona ombi.

Kabla ya kuanza, orodhesha habari zilizomo, ikiwezekana kwenye karatasi. Katika barua yetu ni hizi: wanaoomba ni akina mama wa kitongoji cha juu, pampu ya kisima cha shule imeharibika tangu tarehe 3, watoto wanakwenda mtoni asubuhi, mtoto mmoja aliteleza akaumia mguu, fundi amesema mpira wa ndani umekwisha, gharama tatu, michango 62,000 iliyo kwa mweka hazina, ombi la 63,000, na ombi la kujibiwa mapema. Habari tisa. Barua mpya lazima iwe nazo zote tisa.

"Yah: Ombi la shilingi 63,000 za kutengeneza pampu ya kisima cha shule.

Sisi akina mama wa kitongoji cha juu tunaomba ofisi yako itusaidie shilingi 63,000 ili pampu ya kisima cha shule itengenezwe.

Pampu hiyo imeharibika tangu tarehe 3. Kwa sababu hakuna maji, watoto wanakwenda mtoni asubuhi, na juzi mtoto mmoja aliteleza huko akaumia mguu.

Fundi amekuja kuangalia na kusema mpira wa ndani umekwisha. Mpira ni shilingi 85,000, ufundi shilingi 30,000 na nauli shilingi 10,000, jumla shilingi 125,000. Tumechanga shilingi 62,000, na fedha hizo ziko kwa mweka hazina wetu.

Kama ofisi haitaweza, tunaomba tuambiwe mapema ili tujue la kufanya."

Neno "malalamiko" limeondoka na mahali pake limekuja "ombi", kwa kuwa ndicho wanachofanya: wanaomba. Badiliko la namna hii lazima umwambie mwenyewe. Anaweza kusema, "Hapana, sisi tunalalamika, tumeshaomba mara mbili." Hapo utarudisha neno lake, na hizo mara mbili zitaingia kwenye barua.

Kosa kubwa la kuandika upya ni kuongeza. Kalamu ikishapata mwendo, ni rahisi sana kuandika "watoto wanakwenda mtoni kila asubuhi". Neno "kila" halikuwemo. Au "aliumia vibaya". Hilo nalo halikuwemo. Maneno hayo yanaipa barua nguvu, lakini mtendaji akifika shuleni akaambiwa watoto walikwenda mtoni siku tatu tu, atakayeonekana mwongo ni mama aliyetia sahihi, si wewe uliyeongeza.

Kuna neno jingine linalohitaji swali: "juzi". Siku inapoandikwa lina maana. Barua ikikaa wiki mbili mezani, halina maana tena. Usibuni tarehe. Muulize mwenyewe ilikuwa tarehe ngapi, halafu uiweke.

Ikitakiwa kufupishwa

Jibu la tatu linaweza kuwa hili: "Mtendaji yuko safarini, amesema nimtumie kwa meseji." Meseji ya kawaida ya simu ina nafasi 160, ukihesabu kila herufi, kila alama na kila nafasi tupu. Ukizidi, simu inaigawa vipande, na kila kipande hulipiwa kama meseji yake. Ukiweka ndani kikatuni cha uso unaocheka au alama nyingine isiyo ya kawaida, nafasi zinashuka hadi 70 kwa meseji nzima.

Katika kufupisha usianze kwa kukata. Anza kwa kujiuliza: msomaji huyu akikumbuka mambo matatu tu, yawe yapi? Kwa mtendaji aliye safarini ni kilichoharibika, kiasi kinachoombwa, na anayeomba. Hayo huyakati kwa vyovyote. Nafasi iliyobaki ndiyo unayowagawia mengine.

"Pampu ya kisima cha shule imeharibika tangu tar. 3. Gharama 125,000, tumechanga 62,000. Tunaomba 63,000. Mtoto ameumia mtoni. Akina mama, kitongoji cha juu"

Hiyo ina nafasi 155. Fundi ameondoka, mchanganuo wa gharama umeondoka, mweka hazina ameondoka, watoto wanaokwenda mtoni asubuhi wameondoka, na ombi la kujibiwa mapema limeondoka. Unapomrudishia mwenyewe, mtajie hivyo vitano kwa majina yake: "Nimeacha fundi, bei moja moja, mweka hazina, watoto wanaokwenda mtoni, na lile la kujibiwa mapema. Kuna ambacho ungependa kirudi?" Anaweza kusema la kujibiwa ni muhimu kuliko tarehe. Basi unatoa "tangu tar. 3", unaweka "Tujibuni", na meseji bado inaingia.

Angalia pia kama ufupisho haukupotosha. "Mtoto ameumia mtoni" peke yake inaweza kusomwa kama ajali isiyohusiana na kisima. Njia ya kupima ni kumpa mtu ambaye hakuiona barua ndefu aisome mara moja, kisha umwombe akueleze kwa maneno yake nani anataka nini na kwa nini. Akishindwa jibu la "kwa nini", umekata mno.

Matangazo ya redioni hupimwa kwa saa badala ya herufi. Lisome tangazo kwa sauti, taratibu, kama unavyosikia watangazaji wakisoma, huku ukitazama sekunde kwenye simu. Kusoma kimya kimya hakusaidii, macho yana haraka kuliko mdomo.

Usipopata jibu

Mara nyingine unauliza na simu ya mwenzako imezimika, na barua inatakiwa kesho asubuhi. Hapo fanya kazi iliyo nyepesi kuliko zote: sahihisha tu. Mtu aliyetaka kuandikiwa upya akapata masahihisho, bado ana barua yake, iliyo safi kuliko jana, na anaweza kuipeleka. Lakini mtu aliyetaka masahihisho akapata barua mpya amepoteza maneno yake, na usiku ule hana muda wa kuyarudisha.

Ukiona wazi kwamba masahihisho hayatoshi, tuma vitu viwili: nakala iliyosahihishwa, na chini yake sentensi moja ya pendekezo. Mfano: "Ningeshauri ombi la 63,000 lije juu kabisa. Ukikubali, nitalihamisha." Usitume matoleo matatu ili achague. Mtu anayesoma kwenye kioo kidogo cha simu atachanganyikiwa, na mara nyingi atapeleka lile la kwanza bila kuyasoma mengine.

Na katika kazi yoyote, usifute maandishi ya asili. Yanakili kwanza, fanyia kazi nakala, na ile ya asili ibaki kwenye mazungumzo yenu mpaka barua ifike inakokwenda.

Maandishi ambayo hayaandikwi upya

Yapo maandishi ambayo hata mwenyewe akikuomba uyaboreshe, mkono wako uwe mzito. Muhtasari wa kikao uliokwisha tiwa sahihi haubadilishwi. Kosa likionekana, hupelekwa kwenye kikao kinachofuata na kurekebishwa hapo. Maelezo ya shahidi ni maneno yake, na hata yakiwa yamekwenda kombo, namna alivyosema ni sehemu ya ushahidi. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa usiuguse hata kwa nukta. Mwenyewe akitaka mabadiliko, afanye upya mbele ya mashahidi. Na maneno ya mtu mwingine yaliyonukuliwa ndani ya barua, yale yaliyo kati ya alama za kunukuu, yaache kama yalivyosemwa.

Salamu za rambirambi nazo zina heshima yake. Mtu akikutumia salamu za kumuaga mama yake akasema "boresha", sahihisha majina na tahajia, hasa majina ya wafiwa, kisha simama hapo. Hata akirudia neno "mama" mara tano katika mistari mitatu, hilo si kosa la uandishi.

Na wewe unayetuma

Kama wewe ndiye mwenye barua, unaweza kumwokolea mwenzako kazi kwa kuongeza mstari mmoja. Badala ya "niboreshee hii", andika inakwenda kwa nani, kitu gani kisibadilishwe, na inatakiwa lini: "Inakwenda kwa mtendaji. Maneno yaache, niangalizie makosa tu. Naipeleka kesho saa tatu." Au: "Ni tangazo la redio, lisizidi nusu dakika. Majina na tarehe visiondoke."

Akikurudishia, soma yote kabla ya kuipeleka, na anza na tarakimu na majina. Hesabu fedha tena kwa mkono wako. Sahihi iliyo chini ya barua ile ni yako, na mtendaji akiwa na swali atakuuliza wewe.